Jaribu Mpaka Uone Asante

Nyuma ya soko la Kitale, kwenye kichochoro cha mafundi wa simu, kuna duka la kuchapisha ambalo kila mtu huliita kwa Peris. Mwenye duka ni Levi, na jina la Levi ndilo liko kwenye leseni, lakini Levi mwenyewe hana kinyongo. Anajua watu hawafuati mashine yake. Mashine kama hiyo ziko kila mahali. Wanamfuata yule mama mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye ukimletea kazi ya haraka atakuambia, "Haraka ni yako, makosa yatakuwa yangu. Kaa chini."

Peris Naliaka alizaliwa Kabuchai, kwenye miwa, akaolewa Kitale, na kazi ya mabango aliishika kwa kuchungulia. Alianza kwa kufagia duka, akaishia kwenye kiti cha kompyuta. Mume wake ana shamba la mahindi nje ya mji na humtania kwamba yeye hulima karatasi. Peris hucheka. Anapenda kazi yake, na katika kazi hiyo kitu anachokipenda kuliko vyote ni kuona bango lake ukutani likifanya lile lililotumwa kufanya.

Siku hizi bango halikamiliki bila QR, kile kiraka cha vidoto vyeusi unachokielekezea simu kikakupeleka mtandaoni. Wateja wengi hudhani ni uchawi. Peris huwaambia hapana, ni anwani tu iliyoandikwa kwa vidoto badala ya herufi. Ukitaka vidoto viwe vichache na vinene, weka anwani fupi. Ukitaka visomeke, viwe vyeusi juu ya nyeupe, na uviachie ukingo mweupe pande zote, usije ukavibana na maua. Na asikuletee mtu ile QR ya tovuti za bure inayopitia kwanza mlangoni kwa watu wengine, kwa sababu siku watu hao wakifunga mlango, bango lako limekufa ukutani.

Haya yote aliyajua, lakini yaliyomfanya awe mkali ni mambo ya Moi's Bridge. Kule kulikuwa na siku ya wakulima, na bwana mmoja anayeitwa Jotham alileta anwani ya fomu ya kujiandikisha. Peris akatengeneza QR, Jotham akaijaribu kwa simu yake, ikafunguka, wakachapisha rundo zima. Kumbe Jotham alikuwa amenakili anwani ya upande wa mwenye fomu. Kwake ilifunguka kwa sababu fomu ni yake. Wakulima wakaskani, wakakuta mlango umefungwa, unawaambia waombe ruhusa. Siku ile ikapita bila watu, na Jotham akapiga kelele dukani kana kwamba Peris ndiye aliyenakili.

Tangu hapo ikawa sheria. Kwanza Peris anaskani kwenye kioo cha kompyuta. Kisha anachapa karatasi moja ya majaribio, kwa ukubwa ule ule na kwenye karatasi ile ile. Anaibandika ukutani karibu na mlango ambapo mwanga ni wa kweli, na mteja anaskani kwa simu yake mwenyewe, kwa bando lake la intaneti. Wala haitoshi fomu kufunguka. Mteja ajaze kila kitu, atume, afike kwenye ukurasa wa mwisho unaosema jibu limepokelewa. "Jaribu mpaka uone asante," humwambia kila mtu. Bila asante, Peris hachapishi, hata uwe askofu.

Siku ambayo Festus aliingia, anga ilikuwa safi na duka halikuwa na watu. Alikuwa mwanamume wa makamo, koti limepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, sauti ya chini ambayo ilikulazimisha usogee ili umsikie. Alimsalimia Peris kwa mikono miwili. Akaketi pale alipoambiwa, akaweka kofia magotini.

"Natoka Tongaren," alisema. "Mama watoto amepotea. Nataka mabango, ya Kitale na ya Bungoma."

Peris akaacha alichokuwa akifanya. "Pole sana, mzee. Amepotea lini?"

"Kitambo kidogo. Akili yake haikuwa sawa. Mtu akipata shida ya akili si hutoka tu? Alitoka."

Akamtumia picha kwa WhatsApp. Ilikuwa ya mwanamke kijana, Linah, amevaa gauni la kijani, anatazama kamera kama mtu aliyeambiwa atazame. Mkono wa mtu ulikuwa begani mwake. Festus akaomba mkono ule uondolewe na Peris akaukata, ukabaki ukucha mmoja tu, akaufuta na huo.

"Alama za kumtambua?"

"Andika ana kovu juu ya jicho la kushoto. Na mkono wa kushoto haunyooki vizuri."

Peris alitazama picha. Paji la uso lilikuwa laini na mkono wa kushoto ulikuwa umenyooka, umeshika mkoba. "Hapa naona hana kovu, mzee."

"Hiyo ni picha ya kitambo. Alianguka baadaye."

"Na mkono?"

"Alianguka nao," Festus alisema, kwa upole ule ule.

Peris akachapa. Mtu wa kazi yake huchapa mengi, matanga, harusi, mashamba yanayouzwa, na vidole vina tabia ya kukimbia mbele ya roho. Lakini baridi ndogo ilimpita shingoni, akavuta sweta. Akauliza nambari ya taarifa ya polisi, kwa sababu mabango ya watu waliopotea huwa nayo.

"Iko. Nimeiacha nyumbani."

"Na nambari ya simu ya kupigiwa?"

"Hapana. Tukiweka simu, watapiga wezi. Ati nimemwona, nitumie pesa ya kumshikilia. Weka hiyo ya kuskani peke yake. Dada yangu Fridah alitengeneza fomu, yeye ni karani wa shule. Mtu aliyemwona anajaza amemwona wapi." Akageuza kofia magotini. "Tumeituma kwa magrupu ya kanisa na ya chama. Kila nikimuuliza Fridah, ananiambia hakuna aliyejibu. Watu wote hao, na hakuna hata mmoja? Ndiyo nikaona afadhali mabango, yaonekane na kila mtu."

Peris alimwonea huruma, tena huruma ya kweli. Alimfikiria mume wake akizunguka hivyo na picha yake, akiuliza kila mlango. Akaamua bango hili litakuwa zuri kuliko yote aliyowahi kufanya. Mungu amsamehe.

Anwani ya fomu ilikuwa ndefu kama mkia wa chatu, kwa hiyo akaomba ile fupi ambayo fomu yenyewe hutoa. Festus akasema Fridah alikuwa amemtumia zote mbili, akaitafuta, akampa. Peris akaifungua kwanza kwenye kompyuta kuhakikisha ni upande wa wajazaji wala si wa mwenyewe. Ilikuwa sawa: Umemwona wapi, lini, jina lako na simu ukipenda. Akatengeneza QR yenye anwani hiyo hiyo ndani, isiyopitia kwa mtu. Festus alitaka iwe nyekundu, iwekwe juu ya gauni la kijani ili ivutie.

"Nyekundu juu ya kijani simu nyingi zitakosa, mzee. Tuweke nyeusi, chini, kwenye nyeupe."

"Wewe ndiye unajua, dada."

Akaiweka chini ya picha, pana kiasi cha kiganja cha mtoto, na ukingo wake. Akaielekezea simu kwenye kioo, ikafunguka. Akachapa karatasi ya majaribio. Akaibandika karibu na mlango, na Linah akawa anawatazama wote wawili kutoka ukutani.

"Sasa ni wewe," Peris alisema. "Simu yako, bando lako."

"Si umejaribu? Imefunguka."

"Kwangu. Simu yangu si simu ya watu."

"Basi nimeamini. Chapisha."

Angekuwa mtu mwingine, na siku nyingine, labda Peris angelegeza. Lakini alikuwa na huruma yake, na huruma ikichanganyika na ukaidi wa kazi haisikii la mtu. Akamweleza habari za Moi's Bridge tangu mwanzo. Akamwambia hataki mtu amwone mke wake, askani, akute mlango umefungwa. "Jaza yote, mzee. Andika chochote. Tuma. Mpaka uone asante."

Festus alisimama taratibu. Alinyoosha simu, ikalia kidogo, fomu ikafunguka. Alichapa kwa kidole kimoja. Peris alirudi kwenye kiti, akaanza kupanga karatasi nzito za kuchapishia.

"Umefika?"

Peris aliinua macho. Mwanamume yule alikuwa amesimama mbele ya picha ya mke wake, kichwa kimeinama juu ya simu, na kidole gumba kilikuwa kinasogea juu, kinasimama, kinasogea tena. Alisoma kwa muda mrefu kuliko neno asante linavyohitaji.

"Mzee? Imeleta shida?"

"Hapana," Festus alisema. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu aliyekumbuka alikoweka funguo. "Inafanya kazi. Inafanya kazi vizuri sana."

"Basi niingize mashine?"

"Acha tu. Sitayahitaji."

Peris alishika rundo lake la karatasi asijue aliweke wapi. "Kwa nini tena? Kuna mahali nimekosea?"

"Hujakosea, dada. Kazi yako ni safi." Akamlipa kazi yote kana kwamba imechapishwa, akamshika mkono, mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Akauliza magari ya Bungoma kama hujaa haraka saa hizo. Peris, bado anashangaa, akamwelekeza njia ya kupita nyuma ya soko asikwame kwenye watu, na akamwambia achukue lile linaloondoka mbele, lisilosubiri. Alimwambia pia Mungu amtangulie.

"Atanitangulia," Festus alisema, akavaa kofia.

Wahenga walisema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Tunalisema kila siku tukiwasifu watu wapole, na hatukumbuki kwamba kuna anayeliwa.

Peris alikasirika kidogo, kasirani ya fundi aliyenyimwa kumaliza. Akaing'oa ile karatasi ukutani, akaitupa kwenye meza ya kando, akaendelea na kadi za harusi. Mchana ukapita. Mawingu yakaanza kushuka kutoka Mlima Elgon, mvua ikaja na kishindo juu ya mabati, na mama mmoja akaingia dukani akikimbia, mkoba kichwani. Alikuwa Chelangat, mweka hazina wa kwaya, aliyetaka bango la tamasha.

"Wameniambia niweke QR," alisema akijipangusa. "Mimi hata sijui hiyo kitu hufanya aje. Mtu akiskani ndiyo nini inatokea?"

Peris alitafuta mfano. Karatasi iliyokuwa karibu ni ile. "Njoo nikuonyeshe," alisema, akaielekezea simu. "Unaona? Inakupeleka kwa fomu. Unajaza hapa. Unatuma." Akaandika neno jaribio kwenye kila nafasi, akatuma. "Halafu unaona asante. Ukiona asante, ujue imefika kwa mwenyewe."

"Na hii ya chini?" Chelangat aliuliza, akinyoosha kidole.

Chini ya asante palikuwa na mstari mdogo wa bluu wa kutazama majibu ya waliotangulia. Mwenye fomu akiiwasha bila kujua, ruhusa hiyo hubaki wazi, na kila anayejaza anaona waliyoandika wengine. Peris alijua kitu hicho kipo. Kwenye sheria yake hakikuwemo. Sheria yake ilikuwa inaishia kwenye asante.

Akabonyeza.

Majibu hayakuwa mengi. Yalipangwa chini ya kila swali. Chini ya swali la amemwona wapi, la mwisho lilikuwa lake, jaribio. Juu yake palikuwa na la Festus, alilolichapa asubuhi akiwa amesimama pale mlangoni: Kitale, najaribu tu. Juu ya hilo palikuwa na mawili ya siku nyingi.

Moja lilisema: Yuko Bungoma, anapika kwa hoteli ya Mama Rispah nyuma ya stendi, ni mzima, mwambieni mume wake asiwe na wasiwasi.

Lingine halikujibu swali. Lilisema: Linah hajapotea. Alikimbia baada ya kuvunjwa mkono. Nyinyi wa kanisa mnamjua huyo mtu. Msimtafutie.

Peris alisoma mara ya pili, na ya tatu, na sauti ya mvua ikawa inatoka mbali. Ndipo alipomwelewa Fridah, yule karani wa shule. Kila akiulizwa, alisema hakuna aliyejibu. Kumbe majibu yalikuwepo, na dada wa mtu alikuwa ameyakalia, akimdanganya kaka yake kila siku ili mke wa kaka yake aendelee kuishi. Uwongo ule mdogo ndio uliokuwa ukuta wote aliokuwa nao Linah. Na Peris, kwa wema wake, na kwa sheria yake ya mpaka mwisho, alikuwa amemshika Festus mkono akampitisha ndani ya ukuta huo, halafu akamwonyesha na gari la kupanda.

"Mama Peris, ni nini?" Chelangat aliuliza. "Uso wako umebadilika."

Peris akateremsha kidole kwenye simu. Chini ya swali la jina na simu palikuwa na nambari moja. Alipiga. Vidole vilikosea, akapiga tena. Iliita mpaka karibu ikatike.

"Haro," ilisema sauti ya mama, nyuma yake vyombo vikigongana na watu wakicheka. "Kwa Mama Rispah hapa."

"Mama, shikamoo. Mimi naitwa Peris, niko Kitale. Huyo mpishi wako, Linah, yuko hapo? Nipe niongee naye sasa hivi. Tafadhali."

"Ai, Linah?" Mama Rispah alicheka, kicheko cha mtu aliyetenda jambo jema na bado lina utamu mdomoni. "Umechelewa, mwanangu. Linah ameenda nyumbani. Bwana wake amekuja kumchukua."

Peris alishika ukingo wa meza.

"Alinipigia akiwa kwa gari," Mama Rispah aliendelea. "Nambari yangu si niliandika kwa ile kitu yenu ya kanisa? Akaniambia, mama, usimwambie ni mimi, nataka nimshtue. Basi nikamwambia Linah akae jikoni amenye viazi, asiende mahali, kuna mgeni wake anakuja. Akakaa. Alikuwa anaimba hata."

"Na alipomwona?"

"Wee. Alilia, dada yangu. Alilia mpaka akakaa chini kwa maganda. Yule bwana akamwinua polepole, akamfuta machozi na leso yake mwenyewe, akatuambia tuwaombee. Sisi wote tukalia. Mwanamume mpole hivyo, siku hizi utampata wapi? Tukawasindikiza mpaka kwa gari. Nikamwomba Linah nambari ya simu nimpigie kesho nimsalimie, bwana wake akasema simu atamwekea yeye."

"Mama, wameondoka kitambo?"

"Kitambo. Saa hizi wamekaribia Tongaren, si ni hapo tu?" Kisha sauti ikapungua, ikawa na udadisi. "Kwani wewe ni nani wake?"

Peris alitaka kusema mimi si mtu wake. Alitaka kusema mimi ni mtu wa mabango tu. Chelangat alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, anamtazama.

"Mimi ndiye niliyemwambia bwana wake ajaribu," alisema.

"Ajaribu nini?" Mama Rispah aliuliza, bado kwa furaha.

Lakini Peris alikuwa ameshatoka. Alivuka kichochoro bila mwavuli, simu bado sikioni, akielekea kituo cha polisi, na karatasi aliyoishika kifuani ilikuwa inalowa, wino wa gauni la kijani ukimwingia kwenye sweta.